Umeandika "Tuseme L ni kikomo" mapema mno: namna ya kurekebisha uthibitisho wa mfuatano wa kujirejelea

Nimesoma uthibitisho wako mstari kwa mstari. Jibu la mwisho ni sahihi: kikomo ni 3. Hesabu nazo hazina kosa hata moja. Hata hivyo sikuweza kukupa maksi za sehemu ya kwanza ya swali, kwa sababu swali lilikutaka uthibitishe kwamba kikomo kipo, na wewe ulianza kwa kukichukua kana kwamba tayari unacho mkononi.

Kosa hili naliona karibu katika kila kundi ninalolifundisha, na maswali yanayofuata huwa ni yaleyale: "Kwani jibu si limetoka?" "Nilipaswa kuanza na nini?" Kwa hiyo badala ya kukuandikia neno moja pembeni mwa karatasi, nimeandika njia yote, hatua kwa hatua, kwa kutumia swali lako lenyewe. Iweke karibu na karatasi yako uilinganishe.

Swali lilikuwa hili:

```
a_1 = 1
a_(n+1) = √(6 + a_n)
```

Na wewe uliandika hivi: "Tuseme L ni kikomo cha mfuatano. n inapozidi kukua, a_n inakaribia L, na a_(n+1) nayo inakaribia L. Kwa hiyo L = √(6 + L), yaani L² − L − 6 = 0, yaani (L − 3)(L + 2) = 0. Namba zote za mfuatano ni chanya, kwa hiyo L = 3. Basi mfuatano una kikomo, nacho ni 3."

Mahali panapovunjika

Panavunjika kwenye neno "Basi" la sentensi ya mwisho. Kila kitu kilichotangulia kinasimama juu ya "Tuseme L ni kikomo". Ukiiondoa sentensi hiyo, hakuna hata mstari mmoja uliobaki. Kwa hiyo ulichothibitisha kweli ni hiki: *kama* mfuatano una kikomo, *basi* kikomo hicho ni 3. Hiyo ni kauli ya kweli na tutaihitaji baadaye. Ila haisemi kwamba kikomo kipo.

Unaweza kuhisi kwamba nashikilia jambo dogo. Jaribu basi njia yako ileile kwenye mfuatano huu:

```
b_1 = 1
b_(n+1) = 2·b_n + 1
```

Tuseme L ni kikomo. Basi L = 2L + 1, kwa hiyo L = −1. Sasa andika namba zenyewe: 1, 3, 7, 15, 31, 63. Zote ni chanya na kila moja inazidi mara mbili ya iliyoitangulia. Hesabu yako ingekuambia kwamba zinakaribia −1! Hakuna kosa la aljebra hapo. Mlinganyo ulijibu swali uliloliuliza, yaani "kikomo kingekuwa kipi kama kingekuwepo", na kwa kuwa hakipo, jibu lake halina maana yoyote.

Huenda ukasema kwamba hapo −1 ingejifichua yenyewe, kwa kuwa namba zote ni chanya. Basi tazama mfuatano unaoanza na c_1 = 0 na kufuata c_(n+1) = 1 − c_n. Mlinganyo unatoa L = 1/2, namba inayoonekana safi kabisa, katikati ya namba zote za mfuatano. Lakini mfuatano ni 0, 1, 0, 1, 0, 1 bila mwisho, na hata mara moja haukaribii nusu. Hapa hakuna dalili ya nje ya kukuonya. Kinga pekee ni kuthibitisha kuwepo kwa kikomo kabla ya kukitumia.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Tenga karatasi mbili, moja ya rafu na moja ya uthibitisho wenyewe. Nasisitiza hili kwa sababu kosa lako lilitokana na kuhamisha mstari wa rafu kwenda kwenye karatasi safi kabla ya wakati wake. Kikokotoo cha kawaida kitatosha.

Halafu hakikisha unazo akilini zana tatu. Ya kwanza ni uthibitisho kwa induksheni: unaonyesha kauli ni kweli kwa namba ya kwanza, kisha unaonyesha kwamba ikiwa kweli kwa namba ya k, ni kweli pia kwa namba ya k + 1. Ya pili ni theoremu ya mfuatano wa mwelekeo mmoja: mfuatano wa namba halisi unaopanda na wenye mpaka wa juu una kikomo, vivyo hivyo unaoshuka na wenye mpaka wa chini. Ya tatu ni kwamba mfuatano a_2, a_3, a_4 na kuendelea ni mfuatano uleule uliokatwa namba moja mbele, kwa hiyo kama a_n ina kikomo, a_(n+1) ina kikomo hichohicho.

Kwa swali hili hiyo inatosha.

Hatua 1: Peleka hesabu ya L kwenye karatasi ya rafu

Usiifute. Ihamishe tu, na juu yake uandike "kama kikomo kipo". Kutoka hapo unapata wagombea wawili, 3 na −2. Kwa sasa kazi yao ni kukudokeza mahali pa kutazama, na hawaruhusiwi kuonekana kwenye karatasi safi kama kitu kilichokwisha thibitishwa.

Hatua 2: Andika namba chache za mwanzo

Hizi ni namba sita za kwanza, zikiwa zimekadiriwa hadi desimali nne:

```
a_1 = 1
a_2 = 2.6458
a_3 = 2.9404
a_4 = 2.9900
a_5 = 2.9983
a_6 = 2.9997
```

Soma mambo mawili tu kwenye orodha hii: mwelekeo na ukuta. Mwelekeo ni wa kupanda. Ukuta unaonekana kuwa 3, yuleyule mgombea wa kwenye rafu. Sasa una kauli mbili za kuthibitisha, kwamba a_n haifiki 3 na kwamba a_(n+1) ni kubwa kuliko a_n.

Onyo: orodha hii si uthibitisho, hata ukiongeza namba elfu. Nimeona wanafunzi wakiandika "kama inavyoonekana, mfuatano unapanda". Mbele kidogo nitakuonyesha mfuatano ambao kikokotoo kinaweza kukudanganya nao kwa muda mrefu sana.

Hatua 3: Thibitisha mpaka kwa induksheni

Kauli: kwa kila n, 0 < a_n < 3.

Mwanzo: a_1 = 1, na 1 iko kati ya 0 na 3.

Hatua ya kuendelea: chukulia 0 < a_k < 3. Ongeza 6 kila upande, upate 6 < 6 + a_k < 9. Kipeuo cha pili hakibadilishi mpangilio wa namba chanya, kwa hiyo √6 < a_(k+1) < 3. Na kwa kuwa √6 ni kubwa kuliko 0, kauli inasimama kwa k + 1.

Angalia kitu ambacho wengi hukipita bila kukiona. Upande wa kushoto, ule wa 0, nao unafanya kazi. Unahakikisha kwamba 6 + a_k haiwi hasi, maana yake kipeuo kipo na mfuatano wenyewe haukatiki njiani. Mfuatano wa kujirejelea unaweza kufia katikati. Ukianza na a_1 = −7, kwa mfano, hata a_2 huipati. Kwa hiyo usiandike "a_n < 3" peke yake ukadhani umemaliza.

Onyo la pili: nimesema "chukulia 0 < a_k < 3", nawe unaweza kuuliza kwa nini mimi naruhusiwa kuchukulia na wewe ulikatazwa. Tofauti iko kwenye mahali pa kulipia deni. Katika induksheni, kile tunachochukulia kwa k tayari kina mlipaji: kauli ya k = 1 imethibitishwa, hiyo inalipia k = 2, hiyo nayo inalipia k = 3. Wewe ulichukulia kikomo kipo, na hadi mwisho wa ukurasa hakuna aliyekulipia.

Hatua 4: Thibitisha kwamba unapanda

Hapa ndipo kazi ya Hatua 3 inapozaa matunda, na ndiyo sababu nimeweka mpaka kwanza na mwelekeo baadaye. Tunataka kujua ipi ni kubwa, a_(n+1) au a_n. Kwa kuwa zote ni chanya, inatosha kulinganisha vipeo vyao vya pili, maana hapo alama ya kipeuo inatoweka:

```
a_(n+1)² − a_n² = 6 + a_n − a_n²
                = (3 − a_n)(2 + a_n)
```

Kutoka Hatua 3, a_n ni ndogo kuliko 3, kwa hiyo kigawo cha kwanza ni chanya. Tena a_n ni kubwa kuliko 0, kwa hiyo cha pili nacho ni chanya. Zao lao ni chanya, kwa hiyo a_(n+1)² > a_n², na kwa kuwa namba zote mbili ni chanya, a_(n+1) > a_n.

Umeona vigawo hivyo? Ni vilevile vya mlinganyo wako wa L. Si bahati. Ulipotatua L² − L − 6 = 0 ulikuwa unatafuta mahali ambapo kanuni ya mfuatano haisogezi namba. Kushoto na kulia kwa mahali hapo ndipo kanuni inapoipandisha au kuishusha. Ndiyo maana nilikukataza kufuta rafu yako.

Kosa la kawaida hapa ni kuanza na mwisho. Mwanafunzi anaandika "a_(n+1) > a_n", anapandisha pande zote kwenye kipeo cha pili, anapanga upya, anafika kwenye "(3 − a_n)(2 + a_n) > 0", kisha anaandika "ambayo ni kweli". Huo ni ugonjwa uleule wa sentensi yako ya kwanza, yaani kuanza na kinachotafutwa. Hesabu ikienda upande huo, igeuze: anza na zao la vigawo ambalo unajua ni chanya, ukitelemka hadi a_(n+1) > a_n, na kila mstari uutokee ule ulioutangulia.

Hatua 5: Iite theoremu kwa sentensi nzima

Andika: "Mfuatano unapanda (Hatua 4) na una mpaka wa juu 3 (Hatua 3). Kwa hiyo, kwa theoremu ya mfuatano wa mwelekeo mmoja, una kikomo. Kiite L."

Hii ndiyo sentensi iliyokosekana kwenye karatasi yako. Kabla yake herufi L haina haki ya kuonekana. Baada yake ina haki zote.

Masharti yote mawili lazima yatajwe. Kupanda peke yake hakutoshi, kama b_n inavyoonyesha. Kuwa na mipaka peke yake hakutoshi, kama c_n inavyoonyesha, maana c_n haitoki kamwe kati ya 0 na 1.

Na maneno "namba halisi" kwenye theoremu si pambo. Chukua mfuatano unaoanza na 2, kisha kila namba ni nusu ya iliyotangulia ikijumlishwa na 1 iliyogawanywa kwa iliyotangulia. Unapata 2, 3/2, 17/12, 577/408. Zote ni sehemu za kawaida, mfuatano unashuka, na hauendi chini ya 1. Lakini kikomo chake ni √2, ambayo haiandikiki kama sehemu ya namba nzima mbili. Mtu anayejua namba za sehemu tu angekuwa na mfuatano unaoshuka, wenye mpaka wa chini, usio na kikomo chochote katika namba zake. Theoremu inatuahidi kikomo kwa sababu mstari wa namba halisi hauna matundu ya namna hiyo.

Hatua 6: Sasa rudisha hesabu ya L

Toa karatasi ya rafu. Nakushauri usiandike moja kwa moja L = √(6 + L), kwa sababu mstari huo unadai kwamba kikomo kinaweza kupita ndani ya kipeuo, jambo ambalo ni kweli lakini ungepaswa kulitolea sababu. Ni rahisi zaidi kuanza na kanuni iliyopandishwa kipeo cha pili:

```
a_(n+1)² = 6 + a_n
```

Upande wa kushoto ni a_(n+1) mara a_(n+1), na kikomo cha zao ni zao la vikomo, kwa hiyo unakwenda L². Upande wa kulia unakwenda 6 + L. Basi L² = 6 + L, na L ni 3 au −2.

Sasa tumuondoe −2. Mfuatano unapanda kutoka 1, kwa hiyo kila a_n ni 1 au zaidi, kwa hiyo L nayo ni 1 au zaidi. L = 3. Umemaliza.

Hapa pana mtego mmoja. Wewe uliandika "Namba zote za mfuatano ni chanya, kwa hiyo L = 3", ukichukulia kwamba L nayo ni chanya. Hilo halifuati. Namba 1, 1/2, 1/3, 1/4 zote ni chanya na kikomo chao ni 0. Alama ya < ikipita kwenye kikomo hulegea na kuwa ≤. Kwa sababu hiyohiyo usishangae kwamba kila a_n ni ndogo kuliko 3 na bado L ni 3 kamili. Katika swali lako ulegevu huu haukuleta madhara, kwa kuwa −2 iko mbali na 0, lakini mgombea wa pili angekuwa 0 ungeshindwa kumuondoa kwa sentensi hiyo.

Mfuatano usiopanda wala kushuka

Njia iliyo juu inategemea mwelekeo mmoja, na si kila mfuatano unao. Tazama huu:

```
d_1 = 1
d_(n+1) = 1 / (1 + d_n)
```

Namba zake ni 1, 1/2, 2/3, 3/5, 5/8. Inashuka, inapanda, inashuka, inapanda. Hatua 4 haiwezekani. Hapa badala ya mwelekeo tunapima umbali kutoka kwa mgombea. Napenda njia hii sana, kwa sababu inamtumia mgombea wa rafu bila kudai chochote juu yake.

Kwenye rafu, L = 1/(1 + L) inatoa L² + L − 1 = 0, na jibu lake chanya ni (√5 − 1)/2, takriban 0.618. Liite p. Angalia nisichosema: sisemi p ni kikomo. Nasema p ni namba fulani yenye sifa kwamba p = 1/(1 + p), na hilo ni jambo la aljebra tupu linaloweza kukaguliwa bila kugusa mfuatano.

Sasa umbali kati ya d_(n+1) na p:

```
|d_(n+1) − p| = |1/(1 + d_n) − 1/(1 + p)|
              = |d_n − p| / ((1 + d_n)(1 + p))
```

Namba zote za mfuatano ni chanya, kwa hiyo 1 + d_n inazidi 1. Tukiitoa kwenye asili ya sehemu, asili inapungua na sehemu yenyewe inakua. Kwa hiyo umbali mpya hauzidi |d_n − p| / (1 + p), na 1/(1 + p) ni p yenyewe. Maana yake, kila hatua inapunguza umbali hadi si zaidi ya 0.62 ya ulivyokuwa. Baada ya hatua n umbali hauzidi p kwa kipeo cha n ukizidishwa na umbali wa mwanzo, na hiyo inakwenda 0. Kwa hiyo d_n ina kikomo, nacho ni p. Kuwepo na thamani vimethibitishwa kwa pigo moja.

Hata swali lako lingeweza kufanywa hivi. Umbali kati ya a_(n+1) na 3 ni sawa na |a_n − 3| / (√(6 + a_n) + 3), na kwa kuwa asili yake inazidi 3, kila hatua inapunguza umbali hadi chini ya theluthi moja. Ukiipenda njia hii, itumie.

Ukikwama

*Mfuatano wangu unaanza juu ya mgombea.* Tuseme swali ni lilelile ila a_1 = 10. Namba ni 10, 4, 3.1623, na zinashuka. Geuza kila kitu: kwa induksheni thibitisha a_n > 3, kisha zao (3 − a_n)(2 + a_n) linakuwa hasi, mfuatano unashuka, na mpaka wa chini ni 3. Mlinganyo wa L haubadiliki.

*Induksheni ya mpaka inagoma.* Mara nyingi umechagua mpaka usiofaa. Ukijaribu kuthibitisha a_n < 2.5 kwenye swali lako, hatua ya kuendelea itakupa √8.5, ambayo ni takriban 2.92, na hapo utajua umebana mno. Chagua mgombea wa rafu awe mpaka. Kwa kuwa kanuni haimsogezi yeye mwenyewe, ndiye anayeelekea kufanya kazi.

*Kikokotoo kinaonyesha namba zinatulia lakini sipati mpaka.* Huenda mpaka haupo. Mfuatano unaoanza na e_1 = 1 na kufuata e_(n+1) = e_n + 1/e_n unatoa 1, 2, 2.5, 2.9, 3.2448, na kila nyongeza ni ndogo kuliko iliyotangulia. Ukitazama skrini utaapa kwamba unatulia. Lakini pandisha kanuni kwenye kipeo cha pili: e_(n+1)² = e_n² + 2 + 1/e_n², kwa hiyo kila hatua inaongeza zaidi ya 2 kwenye kipeo cha pili, na e_n² haiwi chini ya 2n − 1. Kwenye namba ya 1000 tayari umepita 44, na hakuna ukuta mbele.

*Mlinganyo wa L hauna jibu.* Hii ni habari njema, na hapa sentensi yako ya kwanza inaruhusiwa kufungua uthibitisho. Kwa e_n andika: "Tuseme, ili kutafuta mkinzano, kwamba L ni kikomo." Mfuatano unapanda kutoka 1, kwa hiyo L si 0, na tunapata L = L + 1/L, yaani 1/L = 0, ambalo haliwezekani. Kwa hiyo kikomo hakipo. Hapa dhana imeletwa ili ivunjwe, na imevunjwa. Wewe uliileta, ukaitumia, kisha ukaihesabu kuwa ni matokeo.

*Swali linasema "tafuta kikomo, ukijua kwamba kipo".* Basi Hatua 1 na Hatua 6 zinatosha, na uthibitisho wako wa mwanzo ungekaribia kupata maksi zote, ukiacha sentensi ya "namba zote ni chanya". Soma swali hadi neno la mwisho kabla ya kuchagua njia.

Kwa kipindi kijacho, niandikie upya swali lako, lakini kwa a_1 = 10, kwenye karatasi safi. Nitaisoma kuanzia juu, na kila nitakapokutana na herufi L nitarudi nyuma kutafuta sentensi ya Hatua 5.